Jiwe Limeanikwa Tangu Lini?

Nagongera ni mji mdogo wa wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, ulio kwenye njia ya reli itokayo Tororo kwenda Jinja. Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi hapa, na mwalimu wa fizikia akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake miamba ya kale hana haja ya kusafiri mbali. Ukanda huu wote wa mpakani, kuanzia Tororo hadi Busia ya pande zote mbili, umekaa juu ya graniti na miamba jamaa yake iliyoganda zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mahali pengine udongo umeondoka na mwamba umebaki wazi, mweusi kwa mvua na jua, na watu wanaupasua kupata kokoto za kujengea.

Mtu akiuliza umri wa mwamba kama huo, swali lake lina sura mbili. Anaweza kutaka kujua uliganda lini kutoka uji wa moto. Hilo hujibiwa kwa kupima urani na risasi iliyonaswa ndani ya punje ndogo za zirkoni. Lakini pia anaweza kutaka kujua uso huu anaoukanyaga umeanikwa tangu lini: ni lini udongo, au mwamba mwingine, au barafu iliyokuwa juu yake iliondoka na kuuacha chini ya anga. Swali la kwanza lina jibu la mabilioni ya miaka. La pili linaweza kuwa na jibu la miaka elfu chache tu, na hadi miaka ya 1980 hapakuwa na njia ya kuaminika ya kulijibu kwa kupima jiwe lenyewe.

Jibu lilipatikana katika kwatzi, yale madini meupe au ya kijivu yanayong'aa kama kioo ukilivunja jiwe la graniti. Kwatzi ni silikoni na oksijeni tu. Usiku na mchana, chembe zenye nguvu kubwa, nyingi zikiwa protoni, huingia katika anga ya dunia zikitoka mbali nje ya mfumo wa jua. Zikigonga hewa huzaa nyutroni zenye kasi, na baadhi ya nyutroni hizo hufika mpaka ardhini. Nyutroni moja ikikipiga kiini cha oksijeni ndani ya punje ya kwatzi, hukivunja. Kiini hicho kilikuwa na protoni nane na nyutroni nane. Mara chache sana kipande kinachobaki huwa na protoni nne na nyutroni sita, na kipande hicho ndicho berili-10.

Berili ya kawaida, ile ichimbwayo migodini, ina nyutroni tano na haibadiliki kamwe. Berili-10 ni ya mionzi, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka milioni 1.387. Ndiyo maana mwamba wa Nagongera hauna akiba yoyote ya kale iliyobaki ndani yake; hata kama ingekuwepo siku ulipoganda, ingekwisha zamani sana. Berili-10 inayokutwa leo ndani ya kwatzi yake imetengenezwa hapo hapo, wakati mwamba ulipokuwa karibu na uso wa nchi.

Kasi ya utengenezaji ni ndogo mno. Usawa wa bahari, katika nchi zilizo mbali na ikweta, gramu moja ya kwatzi hupata takriban atomi nne kwa mwaka. Kwenye ikweta, usumaku wa dunia huzikinga chembe nyingi zisiingie, kwa hiyo pwani ya Mombasa gramu hiyo hupata chini ya tatu. Kupanda juu kunarudisha kilichopotea, kwa sababu hewa ya kuzichuja nyutroni inapungua. Nagongera, iliyo kwenye mita 1,150 hivi, hesabu inaleta atomi kati ya tano na sita kwa gramu kwa mwaka. Kwenye mita 3,000, bado hapa hapa ikweta, idadi inafika kama 17. Kwa hiyo mtu anayepima lazima ajue mwinuko wa jiwe lake, na ajue pia ni sehemu gani ya anga inayozibwa na milima iliyo jirani, maana upande uliozibwa hauleti nyutroni.

Nyutroni haziendi mbali ndani ya mwamba. Kila sentimita 60 za graniti hupunguza nguvu yao hadi kubaki theluthi moja na kidogo. Ukishuka mita tatu, karibu zote zimekwisha, na kilichobaki ni mchango mdogo wa chembe nyingine ziitwazo muoni, ambazo hupenya zaidi. Tofauti hii inaonekana machimboni. Kokoto iliyopasuliwa kutoka chini kabisa ya shimo la mita tatu ina sehemu chache tu katika mia za berili-10 iliyomo kwenye jiwe lililokuwa juu, ingawa mawe yote mawili yaliganda siku moja. Kinachopimwa, basi, ni muda ambao jiwe limekaa karibu na uso wa nchi, na kina kikubwa hulificha jiwe kwa ukamilifu kuliko kipimo chochote kinavyoweza kurekebisha.

Hapo ndipo mwamba wa Nagongera unapoleta ugumu. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba mwamba uliobaki wazi kwa miaka milioni tano utakuwa na berili-10 ya miaka milioni tano. Haiwi hivyo, kwa sababu uso wa mwamba haukai palepale. Maji ya mvua huila graniti taratibu, ganda jembamba humenyuka na kuanguka, na pamoja na ganda hilo huondoka berili-10 iliyokuwa imekusanywa. Ni kama pipa lenye tundu linalojazwa na bomba: maji hupanda hadi pale yanayoingia yanapolingana na yanayotoka, na baada ya hapo kina cha maji hakikuambii tena bomba lilifunguliwa saa ngapi.

Tuchukue mwamba ambao mvua inauondolea mita tano katika kila miaka milioni moja, kasi ya polepole inayofaa graniti ngumu. Kwa kasi hiyo, sentimita 60 zinachukua miaka 120,000 kuondoka. Berili-10 itapanda kwa muda unaokaribiana na huo, kisha itasimama kwenye atomi laki sita na kitu kwa kila gramu. Anayegawa idadi hiyo kwa kasi ya utengenezaji atapata kama miaka 113,000, hata kama mwamba umekuwa wazi tangu kabla ya binadamu kutokea. Namba hiyo si umri. Ina maana nyingine, nayo ni ya thamani: ukiigeuza hesabu, inakupa kasi ambayo mwamba unaliwa. Kwa vilima vya mwamba vya ukanda huu, vilivyoanikwa kwa muda mrefu kupita kiasi, kasi ya kuliwa ndiyo habari ambayo berili-10 inaweza kutoa kwa uaminifu. Tarehe ya kufunuliwa imeshafutika.

Jirani maarufu wa Nagongera, Mwamba wa Tororo, una shida ya aina nyingine. Huo ni mabaki ya volkano ya kale, na jiwe lake ni kabonatiti, jamii ya mawe ya chokaa yaliyopanda kutoka chini yakiwa uji wa moto. Tororo imejulikana kwa saruji kwa sababu ya mawe ya aina hiyo. Jiwe la namna hii halina kwatzi ya kutosha, na pasipo kwatzi njia hii haina pa kuanzia. Lina kalisi tele, na nyutroni zikigonga kalisi hutengeneza klorini-36, ambayo nusu yake hupotea katika miaka 301,000 hivi. Timothy Shanahan na Marek Zreda waliitumia klorini-36 mwaka 2000 kupima mawe yaliyoachwa na barafu kwenye Mlima Kenya na Kilimanjaro, kwa sababu milima hiyo nayo ni ya volkano na kwatzi haipatikani.

Ili kuona berili-10 ikitoa tarehe ya kweli, lazima tutafute mahali penye mambo mawili kwa pamoja: kwatzi nyingi, na uso uliofunuliwa kwa ghafla katika wakati usio wa mbali sana, kabla mvua haijapata nafasi ya kuuharibu ushahidi. Ndani ya Uganda mahali hapo papo, upande wa pili wa nchi. Milima ya Rwenzori haikuzaliwa na volkano. Ni bonge la mwamba wa kale, jamaa wa miamba ya Nagongera, lililoinuliwa na mpasuko wa ardhi wa Bonde la Ufa, na kwatzi imejaa ndani yake.

Leo barafuto za Rwenzori zimebaki mabaki tu karibu na vilele. Zamani zilishuka chini sana katika mabonde ya Mubuku na Bujuku, hadi karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Barafuto inaposhuka hung'oa majabali kutoka kwenye kuta na sakafu ya bonde, na mahali inapoishia huyalundika kuwa tuta refu liitwalo moreni. Hali ya hewa ikipata joto, barafu hurudi juu na tuta hubaki. Henry Osmaston, aliyekuwa afisa misitu Uganda, aliyachora matuta haya kwa uangalifu mkubwa katikati ya karne iliyopita, na akayapanga kwa mfuatano wa zamani na karibuni. Alichokosa ni tarehe.

Tarehe ya kwanza ilitoka ziwani. Mwaka 1962 Daniel Livingstone alitangaza umri wa tope la chini kabisa katika Ziwa Mahoma, lililo karibu mita 2,960 juu, nyuma ya moreni kubwa. Kaboni-14 ilimpa kama miaka 14,700, ambayo kwa kalenda ya kawaida inakaribia 18,000. Ilikuwa kazi ya kusifika, lakini tope la ziwa lina mpaka wake. Linaanza kujikusanya baada ya barafu kuondoka, na haliwezi kusema ni baada ya muda gani. Barafu ingeweza kuondoka miaka mia moja kabla, au elfu kadhaa. Jabali lililoachwa juu ya tuta linaanza kupokea nyutroni siku ile ile barafu inapoliacha.

Watafiti walioifuata kazi hii waliongozwa na Meredith Kelly wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, pamoja na James Russell wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzao, akiwemo Bob Nakileza wa Makerere. Kazi ya mlimani ni ya taratibu. Huchaguliwa jabali kubwa, lililokaa imara juu kabisa ya mgongo wa tuta. Lililo ubavuni linaweza kuwa limeviringika, na dogo linaweza kuwa lilizikwa udongoni kwa muda mrefu kisha likachomoza. Rwenzori ni nchi ya ukungu na kuvumwani nene, hivyo jabali linavuliwa kwanza koti lake la mimea. Kisha, kwa nyundo na patasi, hukatwa kipande cha sentimita mbili tatu za juu pekee. Unene wake hupimwa, kwa sababu upande wa chini wa kipande umepata nyutroni pungufu kuliko wa juu, na pembe za milima inayozunguka huandikwa daftarini.

Maabara ndiyo yenye kazi ndefu zaidi. Jiwe husagwa kuwa mchanga, na kwatzi hutengwa na madini mengine. Adui mkubwa hapa ni berili-10 nyingine kabisa. Ile inayotengenezwa ndani ya hewa yenyewe hushuka na mvua, na kwa kila sentimita ya mraba ya nchi hudondoka mamia ya maelfu ya atomi kwa mwaka au zaidi, ilhali ndani ya kwatzi zinatengenezwa chache za kuhesabika kwa vidole. Ikibaki hata kidogo juu ya punje, umri utakaopatikana hauna maana. Kwa hiyo punje huoshwa tena na tena kwa asidi dhaifu ya haidrofloriki, ambayo humenya ngozi ya kila punje pamoja na uchafu ulioishikilia. Mpimaji hujua kwamba kwatzi imetakata kwa kupima alumini. Feldispa na maika, madini yanayoandamana na kwatzi, yana alumini nyingi, na kiasi chake kikishuka hadi kidogo sana na kutulia hapo, kilichobaki ni kwatzi.

Baada ya hapo kwatzi yote huyeyushwa kwa asidi kali. Nitumie namba za mviringo ili hesabu ionekane. Tuseme jabali la mita 3,000 limetoa gramu 10 za kwatzi safi, na kila gramu ina atomi 340,000 za berili-10. Jumla ni atomi milioni 3.4. Zinasikika nyingi, lakini hakuna njia ya kikemia ya kuzishika peke yake. Kwa hiyo huongezwa kiasi kinachojulikana cha berili ya kawaida, labda robo ya miligramu au pungufu, na zile chache husafiri zikiwa zimechanganyika na hizi nyingi hatua zote za usafishaji. Mwishowe kunapatikana unga mweupe kidogo sana, ambao kila atomi moja ya berili-10 ndani yake imezungukwa na kama trilioni nne au tano za berili ya kawaida.

Unga huo hupelekwa kwenye mashine ya kuharakisha chembe, kama ile ya maabara ya taifa ya Lawrence Livermore huko California, ambako mtafiti Susan Zimmerman alishiriki katika kazi ya Rwenzori. Mashine huzirusha atomi kwa kasi kubwa, huzipindisha kwa sumaku ili kuzitenga kwa uzito, na kuzihesabu moja moja. Uzito peke yake hautoshi, kwa kuwa kuna boroni-10 yenye uzito unaokaribia kuwa sawa kabisa, nayo ipo kila mahali. Tofauti yao ni kwamba boroni ina protoni tano na berili ina nne. Zikipitishwa ndani ya kizuizi chembamba au gesi, boroni hukwama mapema na berili hupenya. Pamoja na sampuli hupimwa chupa iliyopitia hatua zote bila kuwekewa kwatzi. Ikiwa chupa hiyo tupu itaonyesha berili-10 nyingi, uchafu umeingia maabara, na vipimo vya siku hizo havifai.

Katika mfano wetu hesabu ya mwisho ni fupi: 340,000 zigawanywe kwa 17, jibu ni miaka 20,000. Katika muda huo berili-10 iliyopotea kwa mionzi haizidi asilimia moja, na mvua, hata ikilila jabali milimita moja kila miaka elfu, inapunguza kama asilimia mbili tu. Hapo tunaona kwa nini majabali ya Rwenzori yanasema umri na mwamba wa Nagongera hausemi. Kinachoyatenga ni wingi wa miaka ambayo mvua imepata kufanya kazi.

Jabali moja halitoshi kuaminiwa. Likiwa liliviringika au lilifunikwa, litaonekana changa kuliko tuta. Likiwa lilikaa wazi ukutani kabla barafu haijalichukua, litakuja na akiba ya zamani na litaonekana kongwe. Hakuna dalili ya nje ya kumtambua mdanganyifu, ila jirani zake. Kwa mfano, majabali matano ya tuta moja yakitoa 19,800, 20,100, 20,400, 20,600 na 15,200, manne yanakubaliana ndani ya kosa la kawaida la kipimo, na la tano limewahi kusogea. Mfuatano wa matuta nao ni mtihani mwingine: tuta la chini bondeni lazima liwe la zamani kuliko la juu yake, kwani barafuto ikishuka tena huyafuta yote inayoyapita.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2014. Yalionyesha kwamba barafuto za Rwenzori zilikuwa kubwa katika kilele cha zama za baridi za mwisho, wakati ambapo Afrika Mashariki ilikuwa kavu. Mwishoni mwa kipindi hicho hata Ziwa Victoria lilikauka. Barafuto kukua katika nchi isiyo na mvua kunaacha sababu moja kuu, nayo ni baridi. Mwaka 2019 Margaret Jackson na wenzake walitoa orodha ndefu zaidi ya tarehe, na ndani yake kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Barafu ya Rwenzori ilianza kurudi juu yapata miaka 20,000 iliyopita, sambamba na kupanda kwa joto katika nchi za mbali kaskazini na kusini. Hewa ya ukaa angani, kama inavyoonekana katika vipovu vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika, ilianza kupanda kama miaka 18,000 iliyopita. Joto la kwanza la tropiki, basi, lilitangulia hewa ya ukaa, ingawa hewa hiyo ilikuja kulizidisha baadaye.

Msomaji makini atauliza kama pengo la miaka elfu mbili linaweza kutegemewa. Swali ni zuri, kwa kuwa umri wote umesimama juu ya ile namba 17, kasi ya utengenezaji, na kasi hiyo haikupimwa Rwenzori. Ilipimwa Peru, karibu na barafuto ya Quelccaya, penye mwinuko mkubwa na latitudo ya tropiki. Huko kuna moreni ambayo umri wake unajulikana kwa kaboni-14 ya mimea iliyofukiwa, hivyo Kelly na wenzake waliweza kuhesabu berili-10 ya majabali yake na kuigawa kwa miaka inayojulikana. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Kasi hiyo ikigundulika kuwa na kosa, tarehe zote za Rwenzori zitasogea pamoja upande mmoja. Lakini kosa la asilimia tano linausogeza umri wa miaka 20,000 kwa miaka 1,000, na ili kuufikisha 18,000 lazima kasi iwe imekosewa kwa asilimia kumi hivi, kiasi ambacho vipimo vya Peru havikiruhusu kwa urahisi.